Dawa ya mzio inanilaza kichwa, miguu inakesha. Kuna mwingine?

Mkesha (mwenye uzi)
Wakuu, salamu. Nina swali ambalo likichelewa kujibiwa, mke wangu atanihamishia sebuleni.

Miezi miwili sasa natokwa na mabaka ya mzio, na yanawasha zaidi usiku. Nikaanza kumeza piritoni, kidonge kimoja cha miligramu 4 saa tatu usiku. Juma la kwanza nililala kama gogo, nikajua nimepata dawa: inazima muwasho na usingizi juu. Juma la pili mambo yakageuka. Kope zinakuwa nzito, naanza kuzama, halafu ndani ya mashavu ya miguu kuna kitu kinaamka. Si maumivu, si ganzi. Ni kama mfupa unawasha kwa ndani na huwezi kuukuna. Nikinyoosha mguu unatulia kidogo, kisha unarudi. Nikiinuka nikatembea unaisha kabisa. Nikilala tena, unanisubiri palepale.

Nikadhani dozi ni ndogo, nikaongeza hadi vidonge viwili. Sasa usingizi unakuja haraka zaidi, na miguu imezidi pia. Juzi nikaacha usiku mmoja kujaribu: miguu ileile, na muwasho juu yake. Kwa hiyo dawa haina hatia? Au ndiyo uzee? Nina miaka 46.

Goti la Chuma
Pole mkuu. Hiyo naijua, mguu unakaza unakuwa jiwe, unapiga kelele nyumba nzima inaamka. Mimi huwa navuta vidole vya mguu kuelekea kwangu, msuli unaachia. Kula vitu vyenye potasiamu.

Mkesha
@Goti la Chuma asante, ila si hiyo. Msuli wangu haukazi. Ukiushika ni laini kabisa. Kinachonisumbua ni ile hamu ya kuuchezesha, siwezi kuuacha utulie.

Bibi Utaratibu
Piritoni inakausha. Si umeona mdomo unavyokauka asubuhi? Basi na miguu inakaukiwa maji na chumvi, ndiyo maana inahangaika. Kunywa maji mengi kabla ya kulala na utafute magnesiamu. Limekwisha.

Mbishi Halali
Na akinywa maji mengi kabla ya kulala ataamka kwa sababu nyingine kabisa.

Zamu ya Usiku
Nimefanya kazi ya ufamasia miaka 19, nikaona niingie kabla uzi haujafika kwenye ndizi.

Bibi Utaratibu umeona kitu cha kweli, maelezo ndiyo yamepinda. Mdomo unakauka kwa sababu dawa hizi za zamani, pamoja na kuzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho wa mzio, zinazuia pia ishara zinazoziambia tezi zitoe mate. Mwili haujapungukiwa maji. Unaweza kunywa ndoo nzima na mdomo ukabaki mkavu.

Mkesha, unavyoeleza ni hali ya miguu isiyotulia. Angalia mambo manne uliyoandika mwenyewe bila kuulizwa: hamu ya kusogeza miguu, inakuja ukipumzika, inapungua ukitembea, na inakuja usiku. Mkazo wa misuli hauko hivyo, na miguu inayowaka moto kwa sababu ya neva haitulizwi hivyo na kutembea. Na ndiyo, klorofeniramini, ambayo ndiyo hiyo piritoni yako, ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kuichochea. Ziko pamoja nayo difenhidramini, prometazini, hidroksizini na doksilamini. Kwa kifupi, dawa zote za mzio zinazokupa usingizi.

Swali kwako: kabla ya dawa, miguu iliwahi kukusumbua hata kidogo? Kwenye safari ndefu, kwenye kikao, popote unapolazimika kukaa?

Mkesha
Duh. Kwenye basi, ndiyo. Safari ya saa sita nilikuwa naomba kiti cha kando ya njia nipate kunyoosha. Nilijua ni urefu wangu tu.

Zamu ya Usiku
Basi hali ilikuwa tayari ipo, imelala. Dawa imeiamsha.

Mama Pacha
Jamani mbona hakuna aliyewahi kuniambia haya! Nilipokuwa na mimba ya miezi minane nilikuwa nazunguka chumba usiku kama mlinzi. Nilipewa prometazini ya kichefuchefu nikaambiwa "itakusaidia na usingizi". Usiku ule nilitamani kuivua miguu niitundike ukutani.

Dereva Mstaafu
@Mama Pacha kuitundika 😂😂 Nimecheka hadi nimemwamsha mtu.

Mbishi Halali
Subirini kwanza. Mimba yenyewe inaleta miguu isiyotulia, hasa miezi ya mwisho. Mama Pacha alikuwa nayo kabla ya kidonge, kasema mwenyewe. Na Mkesha ana mabaka yanayowasha. Mtu anayewashwa usiku hulala vibaya, na anayelala vibaya miguu humsumbua zaidi. Kwa nini lawama zote ziende kwa dawa? Huenda muwasho ndio unaovuruga, na dawa imekutwa eneo la tukio. Tena ameijaribu mwenyewe: kaacha, miguu ikabaki.

Zamu ya Usiku
Hoja ya mimba ni sahihi. Hoja ya "kaacha ikabaki" ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Klorofeniramini haitoki mwilini haraka. Kwa mtu mzima huchukua kama saa 20 kupungua nusu, na kwa wengine zaidi. Sasa tupige hesabu ya Mkesha. Anameza miligramu 4 saa tatu usiku. Kesho yake saa tatu usiku bado anazo kama 1.7. Anaongeza 4 nyingine, zinakuwa 5.7. Usiku unaofuata anaanza na 2.5 ndani, anaongeza 4. Ikifika mwisho wa juma, kila akimeza kidonge kimoja mwilini mna karibu miligramu 7. Alipopandisha hadi viwili kila usiku, akawa anaelekea 14. Hizi ni hesabu za karatasi, miili inatofautiana, lakini unaona mwelekeo.

Kwa hiyo usiku ule aliosema ameacha, hakuwa ameacha. Alilala na kama miligramu 6 zilizobaki, yaani zaidi ya kidonge kizima. Ili mwili utoe karibu yote anahitaji siku nne hadi tano. Jaribio la usiku mmoja halisemi chochote kwa dawa hii.

Na kuna jambo la pili. Ule usingizi wa juma la kwanza, mwili unauzoea haraka. Kwa difenhidramini imepimwa: ndani ya siku tatu au nne usingizi wa dawa unafifia hadi haupishani sana na kidonge kisicho na kitu. Mtu hujiona amezoea, anaongeza dozi. Miguu yenyewe, kwa niliowaona mimi, haizoei kwa kasi hiyo. Unabaki na hasara bila faida.

Mkesha
Aisee. Miligramu 6 usiku ambao najisifu kwamba nimeacha.

Chuma Kidogo
Zamu ya Usiku kaeleza vizuri ila kaacha mzizi. Mimi nina hali hii tangu ujana na nimeisoma hadi familia inanikimbia. Tatizo ni chuma. Ubongo unahitaji madini ya chuma ili utengeneze dopamini, kemikali inayosaidia kudhibiti mijongeo ya mwili, na jioni dopamini hushuka yenyewe. Chuma kikiwa pungufu, jioni unaishiwa. Daktari mmoja wa Sweden, Nordlander, aliandika kuhusu kutibu wagonjwa hawa kwa sindano za chuma tangu 1953. Mtu mwenye chuma cha kutosha anaweza kumeza dawa ya mzio na asisikie kitu. Mke wangu humeza zilezile na analala. Mimi nikimeza, napiga teke hadi asubuhi.

Mkesha kapime feritini, ndiyo inayoonyesha ghala la chuma mwilini. Usikubali kuambiwa "damu yako iko sawa" kwa sababu himoglobini ni nzuri. Himoglobini inaweza kuwa safi na ghala likawa tupu.

Mama Pacha
Mimi niliambiwa feritini 22 na kwamba ni kawaida.

Chuma Kidogo
Kwa mtu mwingine maabara itaandika kawaida. Kwa miguu isiyotulia madaktari wa fani hii huanza kutoa chuma cha kumeza feritini ikiwa 75 au chini. 22 ni ghala la panya. Lakini dada usianze kujinywesha, kuna watu chuma chao kiko juu na kuongeza ni kujiumiza. Kipimo kwanza. Na wakupime ukiwa huna homa wala maambukizi, kwa sababu feritini hupanda ukiumwa ikakudanganya.

Mbishi Halali
Sasa tuna maelezo mawili. Mmoja anasema histamini, mwingine anasema chuma na dopamini. Piritoni haigusi chuma. Inagusaje miguu?

Zamu ya Usiku
Hapo umeuliza swali ambalo hata watafiti hawajalifunga. Linalokubalika ni kwamba dawa inapaswa kuingia ubongoni ili ifanye hivyo. Za zamani zinapenya ukuta kati ya damu na ubongo bila shida, ndiyo maana zinaleta usingizi. Feksofenadini karibu haipenyi kabisa, na watu wenye miguu hii kwa kawaida huivumilia. Baada ya hapo njia zinagawanyika. Wengine wanasema kuzuia histamini ubongoni kunavuruga dopamini. Wengine wanasema ni mwili kusukumwa kwenye usingizi wakati mfumo wa miguu bado uko macho, mtu ananing'inia katikati, na pale katikati ndipo hali hii inapokaa. Prometazini pekee haina fumbo kubwa: ni ndugu wa dawa za magonjwa ya akili za zamani, inazuia vipokezi vya dopamini yenyewe moja kwa moja. Ndiyo maana Mama Pacha alitaka kuivua.

Ndugu Mtulivu
Basi hiyo prometazini ndiyo iliyonipata. Nilichomwa sindano ya kuzuia kutapika, mchana saa saba. Ndani ya nusu saa nilitaka kuruka dirishani. Si miguu tu, mwili mzima, na moyo una hofu isiyo na jina. Nilitembea korido lile hadi nesi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Kumbe miguu isiyotulia!

Zamu ya Usiku
Pole sana ndugu yangu, lakini hiyo naiona ni nyingine, ingawa ni binamu. Yako ilikuja mchana, mwili mzima, na hofu ndani, na nadhani kutembea hakukukupa raha. Ile ya Mkesha ina saa yake: inasubiri jioni, inakaa miguuni, na akitembea inamwachia. Waambie madaktari kuhusu sindano hiyo kila ukilazwa, iandikwe kwenye kadi. Dawa nyingine ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, inaweza kukufanyia vilevile.

Ndugu Mtulivu
Kutembea hakukunisaidia hata kidogo. Umejuaje?

Nesi wa Mashine
Niongeze upande ambao haujaguswa. Niko kitengo cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Wagonjwa hawa wana mambo mawili yanayowasumbua usiku: kuwashwa na miguu isiyotulia. Sasa fikirini kinachotokea. Mgonjwa analalamika kuwashwa, anaandikiwa hidroksizini au klorofeniramini usiku. Muwasho wa figo si wa histamini hasa, kwa hiyo haupungui sana. Miguu inapanda. Wiki ijayo analalamika halali, anaongezewa dozi. Nimewahi kumwona baba wa watu anashindwa kukaa saa nne kwenye mashine, anachezesha mguu wenye heshima zake zote kama anacheza ngoma, na sote tulidhani ni woga. Dawa ya muwasho ilipobadilishwa, baada ya kama juma moja akawa anasinzia kwenye kiti.

Mbishi Halali
Nesi, je walibadilisha kitu kingine chochote juma hilo?

Nesi wa Mashine
Umenikamata. Aliongezewa chuma cha mshipani mwezi huohuo.

Chuma Kidogo
😎

Mbishi Halali
Ndicho ninachosema! Kila kisa hapa kina mikono miwili kwenye chungu kimoja.

Bibi Utaratibu
Mimi ningependa kujua kwa nini mume wangu anapiga teke ilhali yeye hajui. Anasema amelala vizuri. Mimi ndiye ninayeamka na alama.

Dereva Mstaafu
Bibi, huyo anapiga penalti. Mpe kadi nyekundu.

Chuma Kidogo
Bibi Utaratibu, hesabu muda kati ya teke na teke. Kama kifundo na kidole gumba vinajikunja kila baada ya sekunde 20 hadi 40, kwa mpangilio kama saa ya ukutani, hiyo ni mijongeo ya usingizini. Watu wengi wenye miguu isiyotulia wanayo, asilimia 80 hivi, lakini kuna wanaopiga mateke bila kuwa na hali hiyo. Anameza dawa yoyote ya usiku?

Bibi Utaratibu
Ya kikohozi. Ile ya maji, miezi sasa, anasema inampa usingizi mtamu. Nimeangalia kopo: difenhidramini. Sina la kusema.

Zamu ya Usiku
Huyo kama ana umri mkubwa na tezi dume, hiyo dawa ina sababu nyingine ya kuachwa: inaweza kumzuia haja ndogo. Na kikohozi cha miezi si cha kunywea dawa ya dukani, aende akachunguzwe.

Turudi kwa Mkesha. Ungependa kujaribu sawasawa? Zungumza na daktari wako wa ngozi, kwa sababu mabaka hayapaswi kuachwa bila dawa. Mwombe ile isiyoingia ubongoni, feksofenadini au loratadini, uimeze asubuhi badala ya usiku. Piritoni usiiguse wiki mbili. Siku tano za kwanza usizihesabu. Usiku wa kwanza na wa pili utalala vibaya kwa sababu mwili ulizoea kusukumwa, usikate tamaa hapo. Andika vitu vitatu tu kila asubuhi: miguu ilianza saa ngapi, uliinuka mara ngapi, na ulilala kwa muda wa saa ngapi, kwa kukadiria. Usibadilishe kahawa, usianze mazoezi mapya, usianze chuma. Vinginevyo Mbishi atatukalia kooni.

Lakini ukivimba midomo au ulimi, au kupumua kukawa kugumu, sahau jaribio. Hiyo ni hospitali mara moja.

Kijana wa Maabara
Mimi natumia setirizini, kizazi kipya, haileti usingizi. Mkesha atumie hiyo, zote za kizazi kipya ni salama kwa miguu.

Chuma Kidogo
Si zote sawa. Setirizini inapenya kidogo, ndiyo maana kuna watu inawasinziisha. Kwangu mimi setirizini usiku ni mateke, si kama piritoni, ila mateke. Wengine haiwafanyi kitu.

Kijana wa Maabara
Kumbe. Nilikuwa nashangaa kwa nini nasinzia mchana nikasema ni kazi.

Mkesha
Nimeonana na daktari. Kanipa feksofenadini asubuhi, na damu ya feritini imechukuliwa. Naanza leo. Nitarudi.

Dereva Mstaafu
Tunasubiri. Mke akikuhamishia sebuleni andika pia.

Mkesha
Wakuu nimerudi, ni siku ya 15. Nanukuu daftari langu.

Kabla ya kuanza nilihesabu siku tatu: miguu ilianza kati ya saa tatu na nusu na saa nne, niliinuka mara tano, mara sita, mara tano. Usingizi wa kama saa nne kwa usiku.

Usiku wa 1 hadi wa 4: hakuna tofauti ya miguu. Usiku wa 2 ulikuwa mbaya kuliko yote, nililala kwa saa mbili na nusu tu. Bila onyo la Zamu ya Usiku ningerudia piritoni usiku uleule.

Usiku wa 5 niliinuka mara tatu. Wa 6, mara mbili. Wa 7, mara moja. Wa 8 sikuinuka. Mke aliamka asubuhi akaniuliza kama ninaumwa.

Usiku wa 10 ndio ninaotaka mbishane. Nilipata mafua, nikanywa dawa ya maji ya mafua ya usiku, kipimo kimoja, bila kusoma. Saa moja na nusu baadaye miguu ikarudi kama mtu aliyesahau funguo. Nikainuka mara sita. Saa tisa usiku nimekaa jikoni nasoma kopo: difenhidramini. Usiku wa 11 mara mbili. Kuanzia wa 12 hadi jana, moja, sifuri, moja.

Mabaka yapo kidogo, muwasho unavumilika. Feritini imerudi: 31. Daktari kaniandikia chuma cha kumeza, siku moja naruka moja, na kupima tena baada ya miezi mitatu. Nimeanza leo, si kabla.

Chuma Kidogo
31! Niliwaambia.

Zamu ya Usiku
Na nafuu ilikuja kuanzia usiku wa 5, kabla hajameza chembe ya chuma. Siku zinaendana na dawa kutoka mwilini. Halafu akairudisha ndugu yake kwa bahati mbaya, usiku uleule hali ikarudi, ikapungua tena dawa ilipotoka. Sidhani unaweza kupata kisa kizuri zaidi kwa mtu mmoja.

Mbishi Halali
Hongera Mkesha, kwa dhati. Ila lazima niseme. Usiku wa 10 ulikuwa na mafua. Mtu mwenye mafua halali hata bila dawa. Na dawa nyingi za mafua zina cha kuzibua pua pia, pseudoefedrini au mfano wake, ambacho kinaamsha mwili. Kopo lilikuwa nacho?

Mkesha
Ngoja nikaangalie.

Lilikuwa nacho. Fenilefrini.

Mbishi Halali
Sina swali zaidi.

Zamu ya Usiku
😂 Sawa, kopo lilikuwa na washukiwa wawili. Lakini cha kuzibua pua kinakuacha macho wazi na moyo unadunda. Mkesha, ulikuwa macho makavu au ulikuwa unasinzia huku miguu inakuinua?

Mkesha
Nilikuwa nasinzia nimesimama. Nimeegemea friji.

Chuma Kidogo
Nani anasinzia kwenye friji kwa sababu ya mafua.

Mama Pacha
Mimi nimekwenda kupima tena baada ya kusoma hapa, wamenipa 26. Mimba ilishapita miaka mitatu na miguu bado inakuja nikinywa dawa ya mafua. Nilikuwa nadhani ni mafua yanashuka miguuni 🙈

Bibi Utaratibu
Mume kakataa kuacha dawa yake ya maji. Anasema yeye hana tatizo, mwenye tatizo ni mimi ninayeamka. Nimeificha nyuma ya unga. Usiku wa tatu leo, bado teke.

Zamu ya Usiku
Bibi, ya kwake inatoka haraka kuliko piritoni. Kama ni dawa ungeona mabadiliko sasa hivi. Hakikisha hana kopo la pili.

Bibi Utaratibu
Lipo. Kwenye mfuko wa koti.